Kukabidhi kazi ya lebo na nembo: mteja achape tena bila kukutafuta

"Kaka, huyu wa stika anasema faili halifunguki. Niko hapa dukani kwake, nifanyeje?"

Ujumbe kama huu huja miezi minne baada ya kazi kuisha na malipo kukamilika. Lebo ilipendeza na mteja aliridhika, ila alichobaki nacho ni picha aliyotumiwa WhatsApp, pamoja na faili linaloitwa `lebo final final2.cdr` ambalo kompyuta ya fundi haina fonti zake. Shida haikuwa kwenye ubunifu bali kwenye siku ya kukabidhi.

Mwongozo huu ni wa dizaina anayefunga kazi ya lebo na nembo kwa mfanyabiashara mdogo. Tutatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: kikundi cha akina mama wanaokausha na kufungasha dagaa Kirumba, Mwanza. Kuna lebo ya pakiti ya gramu 250 na ya gramu 500, zote milimita 120 kwa 80. Kuna nembo, na bango la kibanda chao Mwaloni. Mwenyekiti ana simu ya Android. Kompyuta hana; akihitaji kuchapa kitu huenda steshenari.

Shika jambo hilo la mwisho, kwa sababu karibu kila uamuzi hapa chini unatokana nalo.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Mafaili yote ya kazi, yakiwa kwenye kompyuta yako na si kwenye gumzo la WhatsApp.
- Fonti zote zilizotumika, pamoja na leseni zake.
- Fleshi mbili. GB 16 kila moja zinatosha. Moja ya mwenyekiti, nyingine ya mhazini.
- Kompyuta ambayo haijawahi kufungua kazi hii. Ya rafiki au ya steshenari, yoyote.
- Lebo moja iliyochapwa ambayo mteja ameikubali na kuweka sahihi nyuma yake.
- Barua pepe ya kikundi, ambayo nywila yake wanaijua wao wenyewe.
- Siku moja ya kazi. Iandike kwenye makisio ya bei tangu mwanzo kama kazi inayolipiwa, la sivyo utaifanya usiku ukiwa umechoka, na itaonekana.

## Hatua ya 1: Andika mteja atafanya nini bila wewe

Kabla ya kugusa folda yoyote, chukua karatasi uandike shughuli ambazo mteja atazifanya katika mwaka ujao. Kwa kikundi chetu ni nne:

1. Kuchapa lebo nyingine zikiisha.
2. Kumtumia mtu nembo: fundi fulana, mwandaaji wa maonesho, mnunuzi wa Dar es Salaam.
3. Kuweka tarehe na namba ya bechi kwenye kila pakiti.
4. Kubadilisha kitu kwenye lebo, kama namba ya simu.

Orodha hii ndiyo itakayokupa folda zako. Madizaina wengi hupanga kwa programu: folda ya Illustrator, folda ya Photoshop, folda ya PDF. Mpangilio huo unakufaa wewe kwa kuwa unakumbuka kazi ilivyokwenda. Mama mwenyekiti hajui `.ai` ni nini wala hana sababu ya kujua. Yeye anajua lebo zimeisha.

Shughuli ya tatu inahitaji uamuzi mapema. Tarehe na bechi hubadilika kila wiki, hivyo zisiwe ndani ya faili kabisa. Acha kisanduku cheupe cha milimita 40 kwa 12 kwenye lebo, wagonge muhuri. Mwambie na fundi kwamba kisanduku hicho kisipakwe lamineshi, au kama lazima karatasi yote ipakwe, watumie wino wa muhuri unaokauka juu ya plastiki. Wino wa kawaida juu ya lamineshi hufutika kwa kidole, na dagaa waliokwisha kufungwa hawawezi kubandikwa lebo upya bila hasara.

Utajua umefaulu ukiona kila shughuli unaweza kuieleza kwa maneno ya mteja mwenyewe, bila kutaja programu hata moja.

## Hatua ya 2: Chagua toleo moja la mwisho

Chukua ile lebo iliyosainiwa. Fungua faili unalodhani ndilo la mwisho, uweke lebo kando ya skrini na usome neno kwa neno: uzito, simu, anwani, viambato. Usiamini jina la faili. Mara nyingi sahihisho la mwisho hufanywa juu juu, fundi akiwa anasubiri, na faili lililorekebishwa hubaki kwenye kompyuta ya fundi.

Ukishalipata, lipe jina kwa mtindo huu:

```
lebo-dagaa-500g_KUCHAPA_2025-03-14.pdf
lebo-dagaa-500g_KUBADILISHA_2025-03-14.ai
```

Kwanza kitu, kisha kazi yake, kisha tarehe ikianza na mwaka. Tarehe ikiandikwa hivyo, kompyuta huyapanga mafaili kwa mfuatano wa kweli. Ukiandika 14-03-2025, faili la Machi 14 litakaa mbele ya la Februari 20. Usitumie nafasi wala alama kama `/`, `:` na `?`, kwa kuwa Windows haizikubali hizo alama kwenye majina.

Neno "final" liache kabisa.

Matoleo ya zamani usimpe mteja, hata kwenye folda iliyoandikwa "usitumie". Watu huyatumia. Mtoto wa mwenyekiti atafungua folda, ataona lebo yenye rangi anayoipenda zaidi, na kikundi kitachapa lebo elfu moja zenye namba ya simu isiyofanya kazi. Yabaki kwako.

## Hatua ya 3: Jenga folda

```
DAGAA-KIRUMBA
   00-SOMA-KWANZA.pdf
   01-KUCHAPA-LEBO
   02-NEMBO
   03-KUBADILISHA-LEBO
   04-BANGO
```

Namba za mwanzo zinalazimisha mpangilio ubaki hivyo kwenye simu na kwenye kompyuta. Usiingize folda ndani ya folda zaidi ya mara mbili. Kwenye simu, kila ngazi ni ukurasa mwingine wa kupotelea, na kwenye Windows njia ndefu kupita herufi 260 huweza kukataa kunakiliwa.

## Hatua ya 4: Tengeneza faili la kuchapa

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia, kwa hiyo tulia.

Mafundi wengi wa stika hutumia CorelDRAW, na mara nyingi si toleo jipya. Corel ya zamani haifungui faili la Corel mpya. Faili la Illustrator likifunguliwa ndani ya Corel, vivuli na uwazi hubadilika, na fonti ikikosekana kompyuta huweka nyingine yoyote. Fundi anaweza asigundue, maana hajui lebo ilivyokuwa. Ndiyo sababu faili la kuchapa liwe PDF ambayo maandishi yake yamegeuzwa kuwa michoro, kile mafundi wanachokiita kukonvati kevu.

Kwanza, hifadhi nakala. Maandishi yakigeuzwa na faili likafungwa, hayarudi kuwa maandishi. Fanya kazi hii kwenye nakala yenye neno KUCHAPA, kamwe si kwenye faili lako mama.

Hakikisha rangi ni za kuchapa. Kwenye Illustrator nenda `File > Document Color Mode > CMYK Color`. Rangi zikibaki za skrini, mashine itazigeuza kwa namna yake, na bluu ya ziwa iliyokuwa inang'aa kwenye simu itatoka ya zambarau au imefifia. Geuza wewe mwenyewe uone kabla mteja hajaona.

Weka blidi ya milimita 3 kila upande. Lebo ya 120 kwa 80 inakuwa 126 kwa 86. Kisu cha fundi hakikati mahali pamoja kila mara. Bila ziada hiyo, lebo kadhaa katika kila karatasi zitakuwa na mstari mweupe pembeni. Maandishi nayo yakae ndani, angalau milimita 3 kutoka mstari wa kukata.

Angalia picha. Picha ya dagaa iwe na pikseli 300 kwa inchi katika ukubwa wake wa kuchapwa. Ikijaza lebo nzima pamoja na blidi, hiyo ni takriban pikseli 1,488 kwa 1,016. Picha iliyopitia WhatsApp kama picha huwa imebanwa, hata kama upana wake unaonekana kutosha; kuza hadi asilimia 200 utaona vijiboksi kuzunguka kingo.

Geuza maandishi. Kwenye Illustrator: chagua yote, kisha `Type > Create Outlines`. Kwenye Corel: `Edit > Select All > Text`, kisha `Ctrl+Q`.

Shughulikia msimbo pau kwa uangalifu. Namba yake ni mali ya mteja, aliyoipata GS1 Tanzania. Huanza na 620 na ina tarakimu 13. Ukubwa wa kawaida ni upana wa milimita 37.29 pamoja na nafasi nyeupe pembeni, na usipunguzwe chini ya asilimia 80, yaani karibu milimita 29.8. Mistari iwe nyeusi tupu, K 100 bila rangi nyingine. Ikichanganywa na rangi tatu zaidi, karatasi ikisogea kidogo tu kwenye mashine mistari hufura na skana ya dukani haisomi. Zile nafasi nyeupe pembeni si mapambo. Ukizijaza rangi, msimbo umekufa.

Toa PDF. `File > Save As > Adobe PDF`, chagua `[PDF/X-1a:2001]`. Kwenye `Marks and Bleeds` weka alama kwa `Trim Marks` na `Use Document Bleed Settings`.

Sasa hakiki. Fungua PDF kwenye Adobe Reader, bonyeza `Ctrl+D`, nenda kichupo cha `Fonts`. Kikiwa tupu, maandishi yote yamegeuka. Likionekana jina lolote la fonti, kuna neno limekuponyoka, mara nyingi lile dogo la "hifadhi mahali pakavu".

### Mpe fundi karatasi iliyokwisha kupangwa

Mbali na lebo moja moja, tengeneza karatasi ya A3 iliyosimama, ikiwa imejaa lebo. Ukizilaza lebo za 126 kwa 86 kwa upana zinaingia 8. Ukizigeuza zisimame, zinaingia tatu kwa tatu, yaani 9, na pembeni bado mashine inabakiwa na nafasi ya kushika karatasi.

Tofauti ya lebo moja inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayompa mwenyekiti nguvu ya kupatana bei. Lebo 1,000 ni karatasi 112. Fundi akimwambia 140, anajua aulize kwa nini. Akiagiza 115, amejiwekea akiba ya zitakazoharibika.

Utajua umefaulu ikiwa fundi asiyekujua anaweza kupokea faili moja, akachapa, akakata, bila kukuuliza swali.

## Hatua ya 5: Nembo

Hii ni fupi. Weka mafaili manne tu, na kila jina liseme matumizi yake:

- `nembo_SIMU-NA-MITANDAO.png`, pikseli 2,000, mandhari ya nyuma ikiwa wazi.
- `nembo_NYEUPE-KWA-RANGI-NZITO.png`, kwa ajili ya fulana ya bluu na mfano wa hiyo.
- `nembo_FUNDI-WA-KUCHAPA.pdf`, maandishi yamegeuzwa.
- `nembo_NYEUSI-MUHURI.pdf`, rangi moja, kwa muhuri na risiti.

Ukimpa ishirini na nne atachagua vibaya. Na ile ya JPG yenye mraba mweupe nyuma usiiweke, maana ndiyo itakayoishia juu ya fulana ya bluu.

## Hatua ya 6: Faili la kubadilisha

Hili si la mwenyekiti. Ni la dizaina atakayekuja baada yako, na inabidi ulikubali wazo hilo. Mteja anayeweza kwenda kwa mwingine huwa harudi kwako kwa kukwama. Akirudi, anarudi kwa kupenda.

Tumia `File > Package` kwenye Illustrator, au `File > Collect For Output` kwenye Corel. Programu itakusanya faili, picha na fonti mahali pamoja. Illustrator haikusanyi fonti zilizowashwa kupitia Adobe Fonts, na fonti nyingi za kununua leseni yake hairuhusu kumpa mtu mwingine. Njia rahisi ni kuchagua tangu mwanzo fonti zenye leseni huria ya SIL, kama nyingi zilizopo Google Fonts, ambazo unaruhusiwa kuzigawa pamoja na leseni yake. Kama umeshatumia ya kununua, andika jina lake kamili na mahali inapouzwa, usiweke faili lake.

Ndani ya faili, futa safu zilizofichwa na picha zilizo nje ya ukurasa, kisha zipe safu zilizobaki majina: `maandishi-ya-kisheria`, `picha`, `rangi-ya-nyuma`. Safu ya msimbo pau ifunge.

Kama mteja atabadilisha matangazo yake mwenyewe kwa Canva, mwache afungue muundo kwa akaunti yake na achague `File > Make a copy`. Akibaki anahariri ule ulio kwenye akaunti yako, siku ukiufuta na wake umekwenda. Angalia pia kama umetumia vipengele vya kulipia. Kwa mwenye akaunti ya bure vinatoka na alama ya maji juu yake.

## Hatua ya 7: Andika SOMA KWANZA

Kurasa mbili zisizidi. Iwe PDF inayosomeka kwenye simu, na pia uichape umpe mkononi. Usiandike ulivyofanya kazi. Andika yeye afanye nini, kila shughuli ikianza na tukio linalomkuta. Hivi:

> LEBO ZIKIISHA
>
> Fungua folda 01-KUCHAPA-LEBO. Lipo faili la gramu 250 na la gramu 500. Mpe fundi lile lenye neno KARATASI-A3. Kila karatasi ina lebo 9. Lebo 1,000 ni karatasi 112.
>
> Mwambie fundi maneno haya: "Stika ya karatasi nyeupe, chapa kwa asilimia 100, usipunguze. Lamineshi isipite kwenye kisanduku cha tarehe."
>
> Kabla hajachapa zote, achape karatasi moja. Pima lebo kwa rula: iwe sentimita 12 kwa 8. Linganisha na lebo ya mfano iliyo ndani ya bahasha. Piga msimbo pau kwa simu; namba inayotokea iwe sawa na iliyoandikwa chini yake. Vyote vikiwa sawa, mruhusu aendelee.
>
> MTU AKIOMBA NEMBO
>
> Folda 02-NEMBO. Kwenye WhatsApp bonyeza alama ya kiambatisho, chagua Document, kisha chagua faili. Usitume kama picha, na usipige skrinshoti.
>
> NAMBA YA SIMU IKIBADILIKA
>
> Mpelekee dizaina yeyote folda nzima ya 03-KUBADILISHA-LEBO. Akimaliza, mwambie akupe faili jipya la kuchapa lenye tarehe mpya. La zamani lifutwe kwenye folda 01, kwenye fleshi zote mbili.
>
> MSIBADILISHE BILA KUULIZA
>
> Uzito, viambato, msimbo pau na alama ya TBS. Mkianza kuuza sangara wa kukausha, msinakili lebo hii. Ni bidhaa nyingine, na ina namba yake na vibali vyake.

Sentensi ya "chapa kwa asilimia 100" ni ya kuipigia mstari. Chaguo la `Fit` kwenye dirisha la kuchapa huwa limewashwa kwenye kompyuta nyingi, na hupunguza karatasi nzima ili ienee kwenye kingo za mashine. Lebo inatoka imepungua kidogo, jicho halioni, lakini rula inaona. Ndiyo maana rula imetajwa.

Juu ya alama ya TBS: haiwekwi na dizaina kwa kupendezesha. Ipo kwenye lebo kwa sababu mteja ana leseni ya kuitumia kwa bidhaa hiyo. Kama hana, isiwepo, hata akikusihi.

Mwishoni mwa ukurasa wa pili weka rangi na fonti katika mistari mitatu, kwa ajili ya fundi: bluu C 100 M 60 Y 0 K 20, kwenye skrini `#00529B`, na majina ya fonti. Usidhani thamani moja inageuka kuwa nyingine kwa hesabu. Zichague zote mbili kwa macho, moja kwenye skrini na nyingine kwenye karatasi iliyochapwa.

Kama kuna orodha ya mafaili unayotaka kuambatisha, usiiandike kwa mkono. Fungua Command Prompt ndani ya folda uandike:

```
tree /f /a > orodha.txt
```

Ile `/a` inazuia mistari ya orodha isitokee kama herufi za ajabu ukiifungua kwenye Notepad.

## Hatua ya 8: Mjaribishe mtu asiyejua lolote

Mtafute mtu ambaye hakuwahi kuiona kazi. Mpe fleshi na ile kompyuta ngeni. Zima intaneti, maana mafaili mengine huonekana mazima kwa sababu tu yanavuta fonti au picha mtandaoni. Mwambie: "Lebo za nusu kilo zimeisha. Chapa karatasi moja." Kisha kaa kimya.

Kukaa kimya ndiko kugumu. Ukisema "siyo hiyo, ile nyingine," umefanya kazi ambayo karatasi ilipaswa kuifanya, na hutakuwepo siku mwenyekiti yuko Nansio na mtandao umekata.

Andika kila mahali aliposita. Akifungua folda 03 badala ya 01, majina hayajatofautiana vya kutosha. Akiuliza "nusu kilo ni ipi?", basi andika `nusu-kilo-500g`. Akichapa ikatoka ndogo, sentensi ya asilimia 100 iko mbali mno na mahali anapoihitaji. Rekebisha, kisha mtafute mtu mwingine, kwa sababu huyu wa kwanza sasa anajua.

Utajua umefaulu akipata karatasi sahihi ndani ya dakika kumi bila kukuangalia usoni.

## Hatua ya 9: Hamisha vitu vilivyo kwa jina lako

Google Drive. Mtego wake hauonekani. Ukimfungulia mteja folda, kisha ukapakia mafaili kwa akaunti yako, mafaili bado ni yako hata kama folda ni yake. Yanakula nafasi yako ya GB 15, na siku ukisafisha akaunti yanatoweka kwake. Kuhamisha umiliki wa folda pekee nako hakuhamishi vilivyomo. Njia isiyo na utata ni kuingia kwa barua pepe ya kikundi, wakiwa wamekaa nawe, na kupakia kutoka humo. Halafu utoke kwenye akaunti hiyo mbele yao.

Msimbo wa QR. Kama kuna QR kwenye lebo ya kuwaunganisha wateja na WhatsApp, angalia ilitengenezwa wapi. Tovuti nyingi za bure hutoa QR inayopitia kwao kwanza. Muda wa majaribio ukiisha inaacha kufanya kazi, na tayari imechapwa kwenye pakiti elfu. Tengeneza inayobeba kiungo chenyewe moja kwa moja:

```
https://wa.me/2557XXXXXXXX
```

Bila alama ya jumlisha, bila sifuri ya mwanzo. Ipige kwa simu kisha usome kiungo kabla ya kukifungua. Ukiona jina la tovuti nyingine mwanzoni, rudia.

Nywila. Usiziandike kwenye SOMA KWANZA, kwa kuwa karatasi hiyo itafika hadi kwa fundi. Ziandike kwenye karatasi nyingine, mwenyekiti aziweke wanapoweka stakabadhi za kikundi, na azibadilishe wewe ukishaondoka.

## Hatua ya 10: Siku ya kukabidhi

Kutana nao ana kwa ana, mwenyekiti na mhazini wote wawili. Mmoja akihama au simu ikianguka ziwani, mwingine anayo.

Malipo ya mwisho yaingie kabla ya folda 03. Folda 01 na 02 unaweza kuzitoa mapema wasikwame na soko, ila faili la kubadilisha liende pamoja na salio, na iwe imeandikwa hivyo kwenye makubaliano ya mwanzo. Andika humo pia haki ya kutumia na kubadilisha kazi ni ya nani baada ya malipo. Kulisema siku ya kukabidhi ni kuchelewa.

Usiwafundishe kwa kuwaonyesha. Mpe mama mwenyekiti simu yake, mwambie, "Mama, nitumie nembo kwa njia ya Document." Akishatuma, ifungue kwenye simu yako: ikiwa na jina la faili lilelile, imefika salama, ikiwa na jina la picha lililotungwa na simu, ametuma kama picha, arudie. Kisha mhazini afanye vivyo hivyo.

Waache na bahasha: SOMA KWANZA iliyochapwa, lebo ya mfano ya kila ukubwa, na fleshi. Lebo ya mfano isibandikwe popote wala isiwekwe juani, rangi zitapauka na kipimo cha fundi kitakuwa kimepotea.

Wasaini karatasi ya makabidhiano yenye tarehe, orodha ya mafaili, na kipindi cha marekebisho ya bure. Siku 30 zinatosha. Andika pia yanayohesabika kuwa marekebisho: faili kutofunguka, au kosa ulilolifanya wewe. Namba mpya ya simu ni kazi mpya.

Nakala yako ihifadhi ikiwa na matoleo ya zamani yote, na uwaambie utaitunza mpaka lini. Tarehe hiyo iweke kwenye karatasi waliyosaini.